Sentensi ya Kwanza ya Barua ya Pascalia

Muhuri ulikuwa umeshalowa wino, na mkono wa Kahaso uko juu tayari kushuka, alipojikuta anauliza swali ambalo halikuwa lake kuuliza.

"Madam, Mzee umeshamwambia?"

Pascalia alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, mkoba begani, jasho la saa saba mchana likimteremka shingoni. "Si ndiyo namwambia sasa? Barua ni ya nini basi?"

Kahaso akaulaza muhuri kando, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyeanza kusinzia.

"Kahaso, gonga bwana. Mzee akirudi kutoka mkutano wa walimu wakuu aikute mezani, mimi niko darasani. Nimepiga hesabu yote."

"Naona. Hesabu ya kutokuwepo."

Mtu mwingine angekasirika. Mwalimu wa Gredi ya Sita kuambiwa hivyo na mfagiaji! Lakini Pascalia hakuwa mtu wa kukasirikia neno kabla hajalipima, na hilo ndilo Kahaso alimpendea tangu siku ya kwanza.

Kahaso alikuwa mhudumu wa ofisi katika Shule ya Msingi ya Mnazi Mkinda, Kiembeni. Kufagia, kuchemsha chai, kupiga kengele. Tangu Aprili, katibu Carolyne alipokwenda likizo ya uzazi, akaachiwa na meza ya mbele, daftari la barua na muhuri wa IMEPOKEWA. Shule yeye aliishia darasa la nane huko kwao Mwakirunge, lakini kuandika tarehe na jina la mleta barua hakuhitaji zaidi ya hapo. Kingine alichokuwa nacho kilikuwa macho. Alikaa pale kimya, na watu humsahau mtu aliyekaa kimya, na kwa miaka minne aliyofanya kazi hapo alikuwa ameziona barua tano za walimu kuacha kazi zikipita mikononi mwake kwenda kwa Mzee Tinga.

Mzee Tinga ndiye mwenye shule na ndiye mwalimu mkuu wake. Barua iliyomridhisha aliitoboa matundu mawili akaitia kwenye faili. Iliyomuudhi aliisukumia chini ya chupa ya chai, ikakaa pale wiki na wiki ikilowa viduara vya maji ya moto. Kati ya zile tano, nne ziliishia chini ya chupa.

"Haya, kaa," Pascalia alisema mwishowe, akavuta kiti cha wageni akakikalia yeye. "Nitakueleza, halafu utagonga."

Akaeleza. Shule moja ya Changamwe, kubwa kuliko hii mara tatu, ilikuwa imempa cheo cha naibu wa mwalimu mkuu. Angeanza tarehe mosi Julai. Na Changamwe kutoka kwa mama yake Chaani ni mwendo wa miguu. Barua ya ahadi anayo mkobani, ila chini yake wameandika kwamba ahadi itakamilika baada ya kuzungumza na mwajiri wake wa sasa. Aliwasihi wasipige simu mpaka ampe Mzee habari. Wakamwambia sawa, watapiga Ijumaa.

"Na mkataba wa hapa unasema notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi," akaendelea. "Leo Jumatano, tarehe ishirini na nane Mei. Ijumaa ikipita barua haijapokewa, mwezi hautimii. Nimekaa na habari hii siku kumi, Kahaso. Siku kumi! Kila asubuhi nasema leo, na kila jioni nasema kesho."

"Na Mzee akiwaambia wale neno baya?"

"Basi nitakuwa nimeacha ya huku na ya kule sijaipata." Akajifuta shingo kwa leso. "Cheti cha utumishi ni haki yangu, sheria inasema lazima anipe, na kitaandikwa nilianza lini na nikamaliza lini. Lakini neno zuri kwenye simu si haki ya mtu. Hilo hutoka mwenyewe akipenda."

Kahaso akaitazama ile bahasha. "Naomba niisome."

"Uisome?"

"Mimi ndiye niliyezipeleka zile nyingine, Madam. Nimeona zilivyopokewa."

Pascalia akacheka kidogo, akampa.

Barua ilikuwa kurasa mbili. Imeandikwa kwa Kiswahili, maana Mzee hakupenda barua za shule yake ziandikwe kwa lugha nyingine, na Pascalia ndiye mwalimu wa Kiswahili. Walimu wa pwani walimtania sana kwa hilo. Mtu wa bara, baba yake alikuja na mabegi kufanya kazi bandarini, leo yeye anawafundisha watoto wa Wagiriama kusema! Naye huwajibu, "Mlilala na lugha yenu chumba kimoja mkaisahau jina."

Kahaso alisoma taratibu, midomo ikicheza. Aya ya kwanza ilikuwa na masikitiko na furaha vimebanana. Ya pili ilisifu shule mpya: maktaba, maabara, basi la wanafunzi. Ya tatu ilikuwa na mambo manne, moja hadi nne. Paa la chumba cha walimu linavuja. Darasa la Gredi ya Sita lina watoto sitini na mmoja. Aliomba mwalimu msaidizi mara tatu bila jibu. Kitabu cha kiada ni kimoja kwa watoto wanne. Ya nne ilisema shukrani kwa mistari kumi na moja, na kumalizia kwamba angekuja kila Jumamosi mpaka Oktoba kuwasaidia watoto hao kwa tathmini ya kitaifa.

"Sema," Pascalia alisema. "Uso wako umejaa maneno."

"Bonface aliandika kama hii," Kahaso alijibu, akigusa aya ya tatu.

"Bonface wa hisabati?"

"Huyo. Nambari moja mpaka tisa. Yote kweli, nilikuwa hapa. Mzee akamjibu naye moja mpaka tisa. Bonface akajibu jibu. Mwezi mzima mimi nabeba karatasi kutoka chumba hiki kwenda kile, na vyumba vyenyewe vimepakana! Siku ya kuondoka hawakupeana hata mkono."

Pascalia akashika kalamu, lakini hakuandika. "Lakini ni kweli, Kahaso. Watoto sitini na mmoja. Nikinyamaza, atakayekuja atakuta yaleyale."

"Sikusema unyamaze."

Kengele ilikuwa inangoja kupigwa. Kahaso akatoka akaipiga, na aliporudi akamkuta Pascalia amegeuza karatasi upande mweupe, anaandika haraka, kichwa kimeinama. Pascalia akatoka kwenda kipindini na karatasi yake, na saa kumi, watoto walipokuwa wanamwagika langoni, akarudi. Wakaingia wawili stoo ya vitabu, kwa sababu chumba cha walimu kilikuwa na masikio mengi.

"Nimeyatoa yale manne," alisema, akikaa juu ya katoni ya chaki. "Lakini sijayatupa. Tazama."

Alikuwa na karatasi nyingine, ndefu, yenye kichwa cha habari: Maelezo ya Makabidhiano, Gredi ya Sita. Humo aliorodhesha kila kitu atakachomwachia mwalimu atakayefuata: rejista ya darasa, maazimio ya kazi ya muhula, kumbukumbu za kazi iliyofundishwa, alama za tathmini za shuleni za kila mtoto na zipi zimebaki, vitabu na nambari zake. Kisha akaandika kuhusu watoto wenyewe. Nani anasoma vizuri lakini haandiki. Nani haoni ubao akikaa nyuma. Nani hukosa shule Jumatatu na kwa nini. Na pale katikati, bila nambari wala lawama: "Darasa lina watoto sitini na mmoja. Nimejaribu kuwagawa makundi mawili kwa somo la kusoma, Mwalimu Kadenge akinisaidia Jumanne, na wale wa nyuma wamepanda. Nashauri iendelee hivyo kila siku."

Kahaso alisoma maneno hayo mara mbili. Lilikuwa ni lile lile lalamiko, hakuna kilichopungua. Lakini pale kwenye barua lilikuwa kidole kilichonyooshwa, na hapa limekuwa kitu ambacho mtu angeweza kukipokea akakitumia. Hakujua kwamba jambo moja linaweza kuhamishwa chumba likabadilika uso hivyo.

"Na ile ya basi na maabara?"

"Nimeifuta. Ina faida gani kumwambia mtu kwamba ninakokwenda ni kuzuri? Ni kumwambia kwake kubaya." Akacheka. "Nilikuwa najisifu, Kahaso. Mwalimu mzima."

"Afadhali wewe. Lavender wa Gredi ya Tatu aliinakili yake kutoka kwenye simu, barua ya mtu wa kampuni ya bima. Mzee akasoma anashukuriwa yeye na wateja wake wote wa bima."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu. Hakubadilisha. 'Nawatakia mauzo mema.' Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaisukumia chini ya chupa. Akasema, hata kuniacha ameniachia maneno ya mtu."

Wakacheka mpaka Pascalia akashika ubavu. Kisha akaitazama barua yake tena, akaitazama ile mistari kumi na moja ya shukrani, na kicheko kikamwisha. "Hizi zote zinaweza kuwa za bima," alisema. Akazikata moja moja. Akaacha moja, akaiandika upya kwa maneno yake: kwamba alipokuja akiwa hajui hata kushika chaki, Mzee alimkalisha nyuma ya darasa lake wiki mbili amtazame anavyofundisha, na mpaka leo akikwama hujiuliza Mzee angeanzia wapi.

"Na Jumamosi?" Kahaso akauliza.

"Jumamosi nitakuja. Kwani kutoka Chaani ni mbali?"

Kahaso akaugeukia mlango, kama anayemkumbuka mtu mwingine aliyesema hivyo.

"Nani huyo?" Pascalia akauliza. "Nani aliahidi?"

"Munga. Aliandika atakuja kila Alhamisi kwa ajili ya kwaya. Watoto walijipanga kwenye ngazi Alhamisi tatu, hakutokea."

Pascalia akaisoma tena ile ahadi. Naibu wa mwalimu mkuu, shule ngeni, mwezi wa kwanza. Alijua. Akaifuta ile ahadi yote, na badala yake akaandika kile alichokuwa na hakika nacho: kwamba siku yake ya mwisho itakuwa tarehe thelathini Juni, kwamba mpaka siku hiyo atafundisha kila kipindi chake, kwamba alama zote alizonazo atazikabidhi zimekamilika, na nambari yake ya simu itabaki ile ile kwa atakayeshika darasa.

Sasa barua ilikuwa nusu ukurasa. Mtu angeisoma amesimama.

"Imekuwa fupi hivi," Pascalia alisema, kama aliyepotelewa na kitu.

"Madam Sarah yake ilikuwa mistari sita. Ndiyo pekee iliyotobolewa matundu."

"Sarah alifanyaje?"

Hapo ndipo Kahaso aliposema lile lililomzuia mkono mchana. "Aliingia kwanza. Mikono mitupu. Akakaa akamwambia, akatoka akilia, mimi nikajua ameharibu. Kesho yake akaleta barua. Wale wanne walianza na karatasi. Kwetu sisi, Madam, mtu ukiondoka kwake bila kumwambia kwa kinywa, ukamwachia karatasi, ni kama umetokea dirishani. Hata uandike vizuri vipi."

"Na kwetu ukisema kwa kinywa utaulizwa umeandika wapi. Karatasi ndiyo heshima."

"Si uandike. Nani amekukataza? Umwambie, halafu uandike."

Nje mfagio wa mtu ulikuwa unakwaruza ua. Pascalia akainama, na juu kabisa ya barua, kabla ya maneno mengine yote, akaandika sentensi mpya: "Kama nilivyokueleza ana kwa ana, ninaomba kuacha kazi ya ualimu katika shule yako ifikapo tarehe 30 Juni."

Akaisoma kwa sauti. Ilikaa vizuri. Ilikuwa na adabu, na iliyafanya maneno yote ya chini yake yawe mapole. Akaenda kwenye mashine ya Carolyne, akaipiga chapa, akatoa nakala mbili, akaziweka juu ya meza ya mbele, akafungua kalamu kutia sahihi.

Kalamu ikasimama.

"Tia basi nigonge," Kahaso akasema kumjaribu, ingawa alijua.

"Siwezi. Sijamweleza ana kwa ana."

"Futa sentensi."

"Nikiifuta, imerudi kuwa barua ya dirishani." Akakifunga kifuniko cha kalamu. Uso wake ulikuwa umechoka. "Unajua kwa nini sikutaka kumwambia? Si kwamba ni mkali. Angekuwa mkali ningefurahi. Ataniomba nibaki. Kwa ile sauti yake. Na mimi nitasema ndiyo, najijua. Nilitaka karatasi iseme hapana kwa niaba yangu."

Kahaso alizikusanya zile nakala mbili, akazitia kwenye droo ya Carolyne zikiwa hazina sahihi, akafunga ofisi.

Alhamisi, saa mbili kasorobo, Mzee hajamaliza hata kuvua koti, Pascalia akaingia. Mlango wa ofisi ya ndani ulikuwa pazia tu, na meza ya Kahaso iko mbele ya pazia. Asingeweza kutosikia hata angetaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mbona mikono mitupu? Wewe huji hapa bila daftari."

"Leo nimekuja na maneno tu."

Kiti kikalia. Kisha sauti ya Pascalia, bila kuzunguka: "Nimepata kazi Changamwe, Mzee. Naibu wa mwalimu mkuu. Wananitaka tarehe mosi Julai, na mimi nataka kwenda. Nikaona usilisikie kwa karatasi."

Pangaboi likazunguka. Kahaso alihesabu mizunguko mpaka akapoteza hesabu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu. Na Kahaso, kwa sababu nilimpa barua agonge muhuri, akaniuliza kama nimekwambia."

"Kahaso!"

"Abee!"

"Unasikiliza?"

"Nasikia, Mzee. Kusikiliza sisikilizi."

"Hm." Kisha ile sauti, ya chini, ya mzazi, ambayo Pascalia aliiogopa. "Sikuzuii cheo, mwanangu. Cheo ni chako, kilikuwa kinakuja. Lakini kaa tufunge muhula. Siombi mwaka. Wiki tano. Hawa watoto wana tathmini yao Oktoba, nitampata nani katikati ya muhula? Waambie wale wangoje wiki tano. Kwa ajili yangu."

Kahaso akaushika ukingo wa meza. Sasa ndiyo ile. Akamngoja aseme ndiyo.

"Mzee," Pascalia alisema, "nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema kwa aibu. Halafu wale nao nitakuwa nimewavunjia ahadi kabla sijaanza. Siwezi. Ninachoweza ni mwezi huu mzima, kila siku na kila kipindi. Na watoto nitawaacha na mtu anayejua walipo. Kadenge anawajua. Tumekuwa naye Jumanne zote. Nimemwandikia kila mtoto."

"Nilikuchukua hujui kushika chaki."

"Ndiyo, Mzee."

"Nimepika mimi, sasa waje wengine wale."

"Watakula, Mzee, sikatai. Lakini aliyepika nimewatajia. Waliniuliza kwenye mahojiano nimejifunza wapi. Nikawaambia jina lako."

Pangaboi likazunguka sana. Kisha Mzee akasema, "Lete barua."

Pascalia akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu, hatembei bali anakwenda tu. Kahaso alikuwa ameshazitoa nakala kwenye droo. Akatia sahihi ya kwanza, akatia ya pili. Kahaso akauinua muhuri, kisha akasita. "Nigonge? Hajasema amekubali."

"Gonga. Muhuri ni wa kupokea, si wa kukubali. Kukubali ni kwake, nimemwachia."

Akagonga. Tarehe 29 Mei. Nakala moja akamrudishia Pascalia, ya pili akaipeleka ndani pamoja na yale maelezo ya makabidhiano, ambayo usiku yalikuwa yameongezeka mpaka karatasi kumi na moja zilizobanwa kwa pini. Mzee hakuinua macho. Aliichukua ile barua, hakuisoma, akaisukumia chini ya chupa ya chai.

Kahaso akarudi mezani kwake. Hakumwambia Pascalia. Angemwambia nini? Amefanya kila kitu sawasawa, na imekwenda pale pale zilipokwenda nyingine. Mchana ule alimpelekea chakula, akamkuta anasahihisha madaftari kama kwamba hakuna Ijumaa duniani. Akiwa anarudi, alimwona Mzee amesimama mlangoni mwa Gredi ya Sita, mikono nyuma, yale maelezo yamekunjwa kiganjani. Hakuingia. Alikuwa anatazama tu safu hadi safu, kidole kimoja kikitikisika kidogo mgongoni, na Kahaso akajua anawahesabu.

Ijumaa simu ililia saa nne na robo. Kahaso alikuwa ndani anabadilisha vikombe. Mzee huwasha kipaza sauti kwa sababu sikio lake la kulia limechoka, na sauti ya mwanamke ikajaa chumba: yeye ni mwalimu mkuu wa ile shule ya Changamwe, anaomba radhi kumsumbua, anapiga kuhusu Mwalimu Pascalia.

"Hunisumbui. Sema."

"Tulitaka tu kujua, Mzee wangu. Anaondoka kwako vipi?"

Kahaso aliinamia trei. Mzee akaisogeza chupa ya chai, akaitoa barua. Kiduara cha maji kilikuwa kimeshaikaa kona. Akaivalia miwani, na hapo ndipo alipoisoma mara ya kwanza, kimya, mpaka mwisho, na yule mama wa Changamwe akidhani simu imekatika, "Halo? Halo, Mzee?"

"Niko. Nasoma." Akavua miwani. "Anaondoka kwa mlango. Alinijia mwenyewe, akakaa kiti hicho, akaniambia uso kwa uso. Nikamwomba wiki tano, akaninyima."

"Alikunyima?"

"Alininyima kwa ajili yenu, na kwa adabu, na nilikuwa najua ananipenda. Mtu wa namna hiyo hamtampa kazi akawacheka nyuma ya mgongo." Akakohoa. "Ana kasoro moja."

"Enhe?"

"Huandika sana. Utamwomba ukurasa mmoja, atakuletea kumi na moja. Usimkatize. Soma zote. Mimi nimezisoma jana, nikajua mambo ya watoto wangu ambayo nilipaswa kuyajua mwaka jana."

Yule mama akacheka, akashukuru, akasema basi Julai mosi inatosha. Simu ikakatwa. Mzee alikaa kidogo na ile barua mbele yake, akikilainisha kile kiduara cha maji kwa kidole gumba. Kisha akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta kile kidude cha kutobolea.

"Niitie Kadenge," alisema. "Tuligawe hilo darasa kuanzia Jumatatu. Na Madam usimwambie nilivyosema. Atavimba kichwa."

Kahaso alikwenda kwanza Gredi ya Sita. Pascalia alikuwa ubaoni, ana chaki, anaonyesha jinsi ya kuandika barua ya kumwalika mjomba harusini. Alipoona kivuli mlangoni, akaimalizia sentensi yake mpaka kituo, akaweka chaki, akatoka.

"Wamepiga?"

"Wamepiga."

"Alisema nini?"

"Nimekatazwa kusema." Kahaso alijaribu kuuzuia uso wake, uso ukamshinda. "Lakini nunua viatu vya kutembelea, Madam. Changamwe wanakungoja mosi Julai."

Pascalia akaegemea ukuta. Akafunika macho kwa kiganja chenye vumbi la chaki, mabega yakatikisika mara mbili tatu, wala Kahaso hakumgusa. Alisimama tu upande wa jua ili watoto wasione. Halafu Pascalia akajipangusa, akajiachia mstari mweupe shavuni. Kipindi kilikuwa kimebaki dakika kumi na mbili. Akavuta pumzi, akarudi ndani kuzimaliza.